Debe Sita Si Gunia

Katika soko lolote la nafaka kuanzia Kiritiri hadi Kianjai, utasikia hesabu moja inayosemwa kana kwamba ni sheria: gunia ni debe sita. Mkulima anaijua, broka anaijua, hata mtoto anayetumwa sokoni anaijua. Na kwa mahindi hesabu hiyo haiko mbali na ukweli. Tatizo ni kwamba inatumiwa kwa ndengu, kwa maharagwe, kwa mtama na kwa mawele vilevile, na hapo ndipo mkulima wa Mbeere anapopoteza kilo ambazo hakuna aliyemwibia kwa mkono.

Tuanze na vipimo vyenyewe, maana kila kimoja kina asili yake. Debe lilikuwa bati la mafuta ya taa. Mafuta hayo yaliletwa Afrika Mashariki katika mabati ya mraba ya galoni 4 za Kiingereza, yaani lita 18 na kidogo. Mafuta yakiisha, bati lilibaki, na likawa chombo cha kuchotea maji, cha kuezekea likikunjuliwa, na cha kupimia nafaka. Siku hizi bati lile la zamani ni adimu. Anayesema debe huko Embu au Meru mara nyingi ameshika ndoo ya plastiki iliyokuwa ya rangi au ya mafuta ya kupikia, na ndoo hiyo hubeba lita 20. Jina ni lile lile, lakini chombo kimeongezeka kwa karibu lita 2, sawa na sehemu moja ya kumi.

Gunia nalo lina hadithi yake. Kilo 90 ambazo Kenya inazihesabu kama gunia moja la mahindi hazikuchaguliwa kwa sababu ya uzuri wa tarakimu. Gunia la zamani la mkonge au la juti lilikuwa la ratili 200, na ratili 200 ni kilo 90 na gramu mia saba hivi. Nchi ilipohamia kwenye kilo, gunia lile lilibaki na tarakimu ikasawazishwa kuwa 90. Tanzania wao huhesabu gunia la kilo 100, jambo ambalo wafanyabiashara wanaovuka mpaka wa Namanga wanalijua vizuri kwa sababu limewahi kuwagharimu.

Kwa hiyo tuna chombo kinachopima ujazo, yaani nafasi, na tuna gunia ambalo kwa bei ni uzito. Debe halijui kilo. Debe linajua tu kwamba limejaa. Ili kutoka kwenye debe kwenda kwenye kilo ni lazima upitie jambo la tatu, nalo ni uzito wa lita moja ya nafaka unayopima. Lita moja ya maji ni kilo moja, lakini nafaka ina hewa katikati ya punje, kwa hiyo lita yake ni nyepesi zaidi. Mahindi makavu huwa karibu gramu 750 kwa lita. Ndengu, ambazo punje zake ni ndogo, ngumu na za mviringo, hukaa zikiwa zimebanana na kufikia takriban gramu 800. Mbegu za alizeti, zenye maganda na hewa nyingi, hufika kama nusu ya hapo tu.

Sasa fanya hesabu. Debe la lita 20 la mahindi ni kilo 15. Debe sita ni kilo 90. Hapo gunia limetimia barabara, na nadhani ndiyo sababu hesabu ya debe sita ilishika mizizi. Debe lile lile la ndengu ni kilo 16, na debe sita ni kilo 96. Mkulima wa ndengu aliyekubali kipimo cha mahindi amekwisha kutoa kilo 6 za ziada katika kila gunia, kabla mtu yeyote hajafanya ujanja wowote. Kwa ndengu, gunia la kilo 90 ni debe tano na zaidi kidogo ya nusu.

Lakini nimesema debe limejaa, na sijasema limejaa namna gani. Watu wa pwani walikuwa na neno la hili: kipimo cha mfuto, yaani kilichofutwa juu kwa mkono au kijiti hadi nafaka ikalingana na ukingo. Kinyume chake ni kipimo cha kilele, ambapo nafaka inaachwa ipande juu ya ukingo mpaka ianze kumwagika. Katika masoko yetu ya bara kilele ndicho desturi. Mnunuzi akikuta debe limefutwa, atakwambia hujampimia.

Watu wengi hudhani kilele ni kitu kidogo, kama nyongeza ya heshima. Ukubwa wake hautegemei ukarimu wa anayepima. Unategemea upana wa mdomo wa chombo. Nafaka kavu ikimwagwa hujipanga yenyewe katika mwinamo wa nyuzi 25 hivi, na haipandi zaidi ya hapo, punje huteleza. Kwa hiyo mdomo mpana hufanya kilele kirefu na kipana kwa pamoja, na ujazo wake huongezeka haraka kuliko upana wenyewe. Upana ukizidishwa mara mbili, kilele huwa kikubwa mara nane.

Bati la zamani la mafuta ya taa lilikuwa na mdomo wa mraba wa sentimita 23 na nusu hivi. Kilele chake ni takriban lita moja. Ndoo ya mviringo ya lita 20 yenye mdomo wa sentimita 30 hubeba kilele cha lita 1.6. Na beseni, hili la plastiki ambalo akina mama hufulia nguo, hata likiwa na ujazo ule ule wa lita 20, mdomo wake unaweza kufika sentimita 45, na kilele chake kikapita lita 5. Yaani beseni la lita 20 likijazwa kwa kilele ni lita 25 na zaidi. Broka anayekuja shambani na beseni na kusema linalingana na debe huenda anasema kweli kuhusu maji. Kuhusu ndengu hasemi kweli.

Jambo hili ni la kale na si letu peke yetu. Mwanahistoria wa Kipolandi Witold Kula, katika utafiti wake kuhusu vipimo na watu uliotoka mwaka 1970, alionyesha jinsi wakulima wa Ulaya walivyogombana na mabwana wao kwa karne nyingi juu ya mambo haya haya: upana wa kipimo, kilele au mfuto, na nafaka inamwagwa kutoka urefu gani. Wakulima wa Ufaransa walipoandika malalamiko yao mwaka 1789, vipimo vilikuwa miongoni mwa mambo waliyoyalilia sana. Urefu wa kumwaga, kwa njia, una maana. Nafaka inayomwagwa kutoka kiunoni hubanana zaidi kuliko inayomiminwa polepole ukingoni, na ndoo ikigongwa chini mara mbili tatu, punje hushuka na kuacha nafasi ya kuongeza. Ukiona mnunuzi anaitikisa ndoo kabla hujamaliza kujaza, jua kwamba uzito wa lita unabadilika mbele ya macho yako.

Tumchukue mama mmoja wa upande wa Kiritiri, wa kubuni, lakini hesabu yake ni ya kweli. Amevuna ndengu za mvua ya Oktoba, amezipura, amezipepeta, na ndani ya nyumba ana kilo 270 kamili, yaani magunia matatu ya kilo 90. Hana mizani. Anachojua ni kwamba mwaka huu bei inayotajwa ni ya gunia. Mnunuzi anafika na pikipiki, ndoo ya lita 20 na magunia matupu.

Kila ndoo inajazwa kwa kilele: lita 20 za ndani na lita 1.6 za juu, jumla lita 21.6. Kwa ndengu za gramu 800 kwa lita, hiyo ni kilo 17 na robo. Ndoo sita zinaingia kwenye gunia na gunia linahesabiwa moja. Uzito wake halisi ni karibu kilo 104. Kati ya zile kilo 14 za ziada, 6 zimetokana na ndengu kupimwa kwa hesabu ya mahindi, na 8 zimetokana na kilele. Ndoo ikitikiswa pia, ongeza kilo chache nyingine. Mwishoni, ndengu alizozikadiria kuwa magunia matatu zinatoka kama magunia mawili na kidogo zaidi ya nusu. Anaweza hata kudhani panya walikula.

Tuseme bei ni shilingi 9,000 kwa gunia, sawa na shilingi 100 kwa kilo. Kwa kutoa kilo 104 kwa bei ya 90, amelipwa shilingi 87 hivi kwa kila kilo. Hapo inaonekana kwa nini mabishano ya bei sokoni mara nyingi yanalenga pasipofaa. Mama huyu angeweza kubishana saa nzima ili aongezwe shilingi 200 kwa gunia, apate, na ashukuru, huku shilingi 1,400 zikiondoka juu ya ukingo wa ndoo.

Miezi michache baadaye mama yule yule anarudi sokoni, safari hii kununua. Mahindi yake yameisha kabla ya mavuno mapya. Hapo hanunui kwa debe. Hununua kwa gorogoro, ule mkebe wa mafuta ya kupikia wa Kimbo au Cowboy wa kilo 2, au ndugu yake wa plastiki anayeitwa kasuku. Kila mtu husema gorogoro ni kilo 2. Lakini kilo 2 zilizoandikwa kwenye mkebe zilikuwa za mafuta, na mafuta ya kupikia ni mazito kuliko mahindi yenye hewa. Mkebe wenyewe una ujazo wa lita 2 na kidogo, tuseme 2.2. Mahindi yaliyofutwa yatakuwa kilo 1.65. Kwa kilele, ambacho kwa mdomo wa sentimita 15 ni kama glasi ndogo tu, yatafika kilo 1.8. Ili kufikia kilo 2 itabidi muuzaji aongeze mikono miwili ya mbarikiwe, na wengine kweli huongeza.

Mkebe huu pia ni rahisi kuharibiwa kuliko debe. Sehemu ya chini ikigongwa kuingia ndani kwa sentimita moja tu, zaidi ya gramu 100 za mahindi zinapotea kila mara mkebe unapojazwa, na mnunuzi haoni kwa sababu anatazama kilele. Pitisha vidole chini ya mkebe kabla haujajazwa. Ukiwa na tumbo lililoingia ndani, au ukiwa na kitu kilichogandishwa kwa ndani kikafunikwa na vumbi la nafaka, nenda kwa muuzaji mwingine. Ukingo uliokatwa nao huonekana: mkebe mzima una mkunjo wa bati pande zote za juu, na uliokatwa una makali.

Kibaba hukisikii sana huku mlimani, isipokuwa katika methali ya haba na haba. Ni kipimo cha pwani, cha mchele na nafaka: ratili moja na nusu, yaani karibu robo tatu ya kilo. Vibaba viwili ni kisaga, na vinne ni pishi, ambayo kwa hesabu ya zamani ilikuwa ratili 6, sawa na kilo 2.7. Ukiweka pishi kando ya gorogoro utaona kwamba vyote viwili ni vipimo vya chakula cha nyumba kwa siku moja au mbili, ila pishi ni kubwa zaidi.

Hata hivyo pishi bado ni hai katika misikiti ya Meru na Embu mjini kila mwisho wa Ramadhani. Zakatul-fitri hutolewa pishi moja ya chakula kwa kila mtu, na pishi hapa ndiyo saa ya Kiarabu, yenye mudi nne kama pishi ilivyo na vibaba vinne. Mashekhe wanapoigeuza kuwa kilo, wengine hutaja mbili na nusu na wengine hukaribia tatu, na waumini hushangaa kwa nini dini iwe na tofauti. Tofauti imo ndani ya nafaka. Saa ni kipimo cha ujazo, na saa moja ya mchele haiwezi kuwa na uzito sawa na saa moja ya tende au ya mahindi. Anayetaja kilo kubwa zaidi anajikinga ili asipungukiwe. Ningependa wanunuzi wa ndengu nao wangekuwa na hofu ya namna hiyo.

Kuna mahali ambapo debe linamwumiza mtu mwingine kabisa. Katika mashamba ya kahawa ya Embu, kule Manyatta na Runyenjes, mkulima hulipwa kwa kilo: kahawa mbivu hupimwa kwa mizani kiwandani. Lakini yeye humlipa mchumaji kwa debe. Kahawa mbivu ni nyepesi kwa ujazo, takriban gramu 620 kwa lita, kwa hiyo ndoo ya lita 20 iliyofutwa ni kilo 12 na kidogo, na yenye kilele ni zaidi ya 13. Kilele hapa ni kazi ya mchumaji isiyolipwa, na mkulima anayelalamikia broka wa mahindi mwezi Februari huenda yeye mwenyewe ndiye aliyedai ndoo ipandishwe kilele mwezi Novemba.

Viazi vya Timau sitavikalia sana, kwa kuwa vimeandikwa mengi. Gunia la viazi si chombo kigumu. Hurefushwa kwa kushonea wavu juu, na hapo linaitwa lumbesa au mukurino, na uzito wake hupita kwa mbali kilo 100. Kanuni za viazi za mwaka 2019, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mazao ya 2013, ziliweka gunia la kilo 50. Tofauti na nafaka, hapa sheria ilitaja kilo na jibu likawa moja. Kilichobaki ni kuitekeleza.

Turudi kwa mama wa Kiritiri, kwa sababu yeye anaweza kujikinga bila kusubiri mtu. Kwanza aijue ndoo yake. Ndoo isiyovuja hujazwa maji kwa chupa ya lita moja, chupa baada ya chupa, mpaka ukingoni, na idadi ya chupa ndiyo lita zake. Kazi hii ni ya mara moja tu. Ndoo ikishajulikana, iandikwe lita zake kwa rangi upande wa nje, na isibadilishwe na ya mtu mwingine siku ya kuuza.

Pili aijue nafaka yake ya msimu ule, kwa sababu gramu nilizotaja ni za wastani na mavuno hutofautiana. Ajaze ndoo hiyo bila kuitikisa, aifute kwa ubao ulionyooka, kisha aipeleke popote penye mizani inayoaminika: kituo cha kahawa, duka la pembejeo, au mashine ya posho inayotoza kwa kilo. Atoe uzito wa ndoo tupu. Kilo zilizobaki akizigawa kwa lita, anapata uzito wa lita moja. Kisha 90 akiigawa kwa kilo za ndoo moja ya mfuto, anapata idadi ya ndoo zinazotimiza gunia lake. Kwa ndengu za kawaida jibu litakuwa 5.6. Siku ya kuuza, hana haja ya kumweleza mnunuzi hesabu yote hii. Anasema tu: gunia langu ni ndoo tano za mfuto na nusu, na kidogo juu yake. Au aombe bei ya kilo, ambayo ni bora zaidi.

Unyevu nao haufichiki kwenye mizani, lakini mizani haiusemi. Bodi ya Nafaka hupokea mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5. Gunia la kilo 90 lililofungwa likiwa na unyevu wa asilimia 18, likianikwa hadi 13.5, linabaki na kilo 85 na kidogo. Kilo karibu 5 zilikuwa maji. Mnunuzi anayekataa mahindi mabichi hana dhambi. Jaribio la nyumbani ni chumvi: weka punje na chumvi kavu kwenye chupa ya kioo iliyokauka, tikisa kwa dakika kadhaa, uache itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, nafaka ina unyevu wa zaidi ya asilimia 15 na inahitaji kurudi juani. Chumvi ikianguka yote chini, unaweza kupima.

Na mizani yenyewe ikaguliwe. Ile ya kuning'iniza iangaliwe kabla gunia halijafungwa kwenye ndoano: mshale uwe kwenye sifuri, si kilo mbili chini yake. Mizani inayotumika katika biashara hukaguliwa na kupigwa muhuri na maafisa wa vipimo kila mwaka, na mwenye nayo hana sababu ya kukuficha muhuri huo. Ukiwa na shaka, beba kitu ambacho uzito wake unaujua. Mtungi wa lita 20 uliojazwa maji ni kilo 20 pamoja na uzito wa mtungi mtupu, ambao ni kama kilo moja. Uning'inize kwanza. Mshale ukisoma 18, usipakie gunia hata moja.